Siku 126 za ugonjwa zimeisha na bado naumwa: je, ajira imekufa?

"Niliajiriwa tarehe 1 Machi 2023 kama mtunza ghala katika kampuni binafsi Dar es Salaam, mkataba wa kudumu, mshahara wa msingi shilingi 600,000 kwa mwezi. Aprili 2024 nilifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo nikapumzika siku 21. Tangu Jumatatu tarehe 6 Oktoba 2025 naumwa mgongo, diski imetoka, na daktari bingwa amekuwa akinipa ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazi, mfululizo. Sasa anasema nahitaji kama miezi mitatu zaidi. Hadi 16 Novemba nililipwa mshahara kamili, baada ya hapo nusu, wakati nilijua nusu inaanza baada ya siku 63. Desemba wakanikata siku 10 kabisa kwa kuwa ED yake ilitoka hospitali ambayo si ya kampuni. Tarehe 22 Januari 2026 afisa utumishi ameniita, akasema siku zangu 126 ziliisha tarehe 18 na mkataba umejifuta wenyewe, kwa hiyo niandike barua ya kuacha kazi ili nilipwe 'kistaarabu'. Likizo ya mwaka sijaenda. Niandike?"

Usiandike. Hata wakikuwekea barua iliyokwisha kuchapwa, usitie saini, na sababu nitakupa hapa chini. Lakini nianze na hesabu, kwa sababu katika hesabu kuna mahali wewe umekosea na kuna mahali wao wamekosea.

Kwa Tanzania Bara, likizo ya ugonjwa ya mfanyakazi wa sekta binafsi inatoka kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366. Sheria inatoa siku zisizopungua 126. Siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata ni kwa nusu mshahara. Hapo watu wengi wanaishia, na ndipo makosa yanapoanza, maana siku hizo hazitolewi kwa kila ugonjwa wala kwa kila mwaka. Zinatolewa kwa kila mzunguko wa likizo, na kwa likizo ya ugonjwa mzunguko huo ni miezi 36 mfululizo ya ajira. Likizo ya mwaka ina mzunguko wake wa miezi 12, na hii miwili ndiyo inayochanganywa sana, hata na maafisa utumishi wazoefu.

Mzunguko wako wa kwanza ulianza siku ulipoajiriwa, 1 Machi 2023, na unaisha 28 Februari 2026. Zile siku 21 za kidole tumbo zimo humo humo. Ulilipwa kamili, kwa hiyo zilipunguza fungu la mshahara kamili kutoka 63 hadi 42. Ulipoanza kuumwa mgongo tarehe 6 Oktoba, siku 42 zilizobaki zilifika Jumapili ya 16 Novemba. Kwa hiyo kampuni haikukudhulumu ilipoanza kulipa nusu tarehe 17. Kutoka hapo siku 63 za nusu mshahara zinafika 18 Januari 2026. Hesabu yao ya tarehe ni sahihi. Unaweza kuuliza mbona Jumapili zimehesabiwa, na jibu ni kwamba siku za mapumziko zinazoangukia ndani ya likizo ni sehemu ya likizo.

Angalia pia kiasi, usiangalie tarehe peke yake. Novemba ni mwezi uliogawanyika: siku 16 kamili na siku 14 nusu. Kwa hesabu ya siku za kalenda, 16 kati ya 30 za shilingi 600,000 ni 320,000, na nusu ya zile 14 ni 140,000, jumla 460,000 kabla ya makato. Kama hati yako ya mshahara ya Novemba inaonyesha 300,000, basi walikata nusu mwezi mzima na wanadaiwa tofauti hiyo. Jambo hili hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu mfumo wa mishahara hubadilishwa mara moja kwa mwezi na anayeingiza taarifa hachukui shida ya kugawanya. Kumbuka tu kwamba malipo ya likizo ya kisheria yanapigwa kwenye mshahara wa msingi. Posho ya nyumba au ya usafiri itaendelea au itasimama kulingana na mkataba wako unavyosema, na hapo inabidi uusome mwenyewe.

Sasa zile siku 10 za Desemba. Hapa wao ndio wamekosea, isipokuwa kama ED yenyewe ilikuwa na kasoro. Sheria inamruhusu mwajiri asilipe iwapo mfanyakazi hakuleta cheti cha daktari. Inasema pia cheti hicho kitoke kwa daktari aliyesajiliwa, au kwa mtoa tiba mwingine ambaye mwajiri amemkubali, na mwajiri hawezi kumkataa huyo wa pili bila sababu ya msingi. Haisemi popote kwamba lazima awe daktari wa hospitali iliyo kwenye orodha ya kampuni. Orodha ile ni ya bima: inaamua nani atalipia matibabu. Haiamui kama uliumwa. Kampuni inaweza kukataa kulipia bili ya hospitali isiyo ya kwake, lakini kukataa ED ya daktari aliyesajiliwa kwa sababu hiyo peke yake hakuna mguu wa kusimamia. Kwa nusu mshahara, siku 10 za Desemba ni takriban shilingi 96,800. Waandikie barua fupi ukizidai, uambatanishe nakala ya ED.

Kabla hujaandika, ikague ED yenyewe kama atakavyoikagua mtu anayetafuta kasoro. Je, ina tarehe ya kuanza na ya kuisha, au imeandikwa tu "apumzike siku 10" bila kusema kuanzia lini? Jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye mkataba? Kuna jina la daktari linalosomeka, saini, namba ya usajili na mhuri wa kituo? Risiti ya dawa, kadi ya kliniki na karatasi ya majibu ya kipimo havitoshi, kwa sababu vinaonyesha kwamba ulitibiwa bila kuonyesha kwamba daktari alikuzuia kufanya kazi. Hata karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini mara nyingi haina neno juu ya mapumziko, na watu huondoka nayo wakidhani mambo yamekwisha. Ikiwa yako ina pengo la aina hiyo, rudi kwa daktari yule yule uombe barua inayothibitisha alichokiona kwenye faili lako na siku alizokupumzisha. Usimwombe akuandikie ED mpya ya tarehe za nyuma. Karatasi iliyoandikwa leo ikidai imeandikwa mwezi uliopita inaweza kugeuza suala la ugonjwa kuwa suala la udanganyifu, na hapo utakuwa umempa mwajiri kosa la nidhamu ambalo hakuwa nalo.

Kasoro nyingine ya kawaida kwa ugonjwa mrefu ni mapengo katikati. ED inaisha Ijumaa, miadi ya kliniki ni Jumatano inayofuata, na zile siku nne hazina karatasi. Daktari anayekuona kila baada ya wiki mbili anaweza kuandika mapumziko hadi siku ya miadi ijayo, ikiwamo siku yenyewe. Mwombe afanye hivyo. Kila ED ikitoka, ipige picha uitume siku hiyo hiyo kwa bosi wako na kwa afisa utumishi, kisha nakala halisi ifike ofisini, na ile unayobaki nayo igongwe mhuri wa kupokelewa. Picha iliyotumwa kwa simu ina tarehe na saa, na siku mtakapobishana hiyo itakuwa na uzito.

Turudi kwenye lile neno kwamba mkataba umejifuta. Siku 126 zinapima jambo moja tu, nalo ni muda ambao mwajiri analazimika kukulipa ukiwa mgonjwa. Hazipimi uhai wa ajira. Zikiisha, wajibu wa kulipa unasimama, ajira inabaki. Hakuna kifungu kinachosema kwamba siku ya 127 mfanyakazi anatoka kwenye orodha. Mwajiri anayetaka kuachana na mgonjwa anaweza kufanya hivyo kwa njia halali, lakini ni lazima achukue hatua ya kuachisha kazi, na hatua hiyo ina masharti yake.

Masharti hayo yamo kwenye Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007. Zinamtaka mwajiri aangalie chanzo cha ugonjwa, ukali wake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama inawezekana kukurekebishia kazi au kukupa nyingine unayoiweza. Katika kujua ugonjwa umefikia wapi anapaswa kuongozwa na maoni ya daktari. Maoni ya meneja kwamba "huyu hatapona" hayatoshi. Kisha anatakiwa kukaa na wewe, mzungumze, na wewe una haki ya kwenda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Kikao chako cha tarehe 22 hakikuwa hicho. Ulielezwa uamuzi uliokwisha kufanywa, hakuna ripoti ya daktari iliyoombwa, na hakuna aliyeuliza unaweza kufanya nini ukiwa umekaa.

Ndiyo maana wanataka barua yako. Ukiandika kwamba unaacha kazi, mzigo wote huo unawashuka. Hawahitaji tena sababu halali wala utaratibu, hawadaiwi kiinua mgongo kwa sababu wao hawajakuachisha, na wewe ukienda kulalamika kwamba umeachishwa isivyo halali, barua yenye saini yako itawekwa mezani kwanza. Wanaweza hata kukudai notisi. Kama wanataka ajira iishe, waandike wao, wataje sababu.

Ipo tarehe moja ambayo nadhani afisa utumishi anaijua na wewe hukuitilia maanani. Mzunguko wako wa miezi 36 unaisha 28 Februari 2026. Tarehe 1 Machi, ikiwa bado u mwajiriwa, mzunguko mpya unaanza na siku 126 mpya: 63 kamili, 63 nusu. Siku 63 kamili zikianza kutumika 1 Machi zinafika 2 Mei. Kwa daktari anayesema miezi mitatu zaidi, hiyo inaweza kutosha kukufikisha kwenye kupona.

Nikuambie ukweli, hapa mwajiri atabisha. Atasema huwezi kuanza mzunguko mpya ukiwa hujarudi hata siku moja kazini. Sheria inahesabu miezi 36 ya ajira mfululizo, na mtu aliye kwenye likizo ya ugonjwa bado ameajiriwa. Sheria haisemi kwamba lazima awe amekanyaga kazini. Nayaona maneno ya sheria yako upande wako. Lakini hoja hii haimfungi mikono mwajiri asianze mchakato wa kukuachisha kwa ugonjwa kabla ya tarehe hiyo. Inakuonyesha tu kwa nini wiki hizi sita ni muhimu na kwa nini hupaswi kuzikata mwenyewe kwa kalamu yako.

Kutoka 19 Januari hadi 28 Februari ni siku 41 ambazo sheria haimlazimishi mwajiri kukulipa kwa ugonjwa. Unasema likizo ya mwaka hujaenda. Hiyo ni siku 28 kwa mshahara kamili. Mwajiri haruhusiwi kukulazimisha utumie likizo ya mwaka mahali pa likizo ya ugonjwa uliyo nayo. Watu wengi wamepoteza likizo zao kwa njia hiyo, wakiambiwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa utahesabiwa kama likizo. Lakini siku zako za ugonjwa zimekwisha kweli, kwa hiyo kuiomba wewe mwenyewe sasa ni jambo jingine kabisa. Ikikubaliwa kuanzia 19 Januari itafika 15 Februari, na zitabaki siku 13 tu zisizo na malipo hadi mzunguko mpya. Kupanga tarehe ya likizo ya mwaka ni mamlaka ya mwajiri ndani ya muda uliowekwa, kwa hiyo andika kama ombi. Faida yake si pesa tu: sheria inakataza notisi ya kuachishwa kazi itolewe mfanyakazi akiwa kwenye likizo ya kisheria, au notisi hiyo ipite sambamba na likizo. Kasoro yake ni kwamba ukiachishwa baadaye, siku hizo hazitakuwepo tena za kulipwa fedha taslimu. Kwa hali yako ningeiomba.

Kwa zile siku 13 omba ruhusa bila malipo, pia kwa maandishi. Na hapa kuna kosa ambalo limewagharimu watu kazi kuliko ugonjwa wenyewe. Wakiambiwa malipo yamekwisha, wanaona hakuna haja tena ya kupeleka ED, wanakaa kimya nyumbani wakijiuguza. ED ina kazi mbili. Moja ni kukupatia malipo, na hiyo imesimama kwa sasa. Ya pili ni kuthibitisha kwamba kutokuwepo kwako kuna sababu, na hiyo haiishi siku ya 126. Kwenye zile kanuni za mwaka 2007, kutokuwepo kazini bila ruhusa au sababu inayokubalika kwa zaidi ya siku tano za kazi ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Ukinyamaza, suala la ugonjwa, ambalo mwajiri ana kazi ngumu ya kulithibitisha, unaligeuza kuwa utoro, ambao ni rahisi. Na anayefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati kiinua mgongo.

Hatua inayofuata ni ripoti ya daktari bingwa, na hii ni tofauti na ED. Mwombe barua inayojibu maswali manne kwa lugha ya kawaida: unatarajiwa kurudi kazini lini, hali hii ni ya muda au ya kudumu, ni kazi zipi huwezi, kwa mfano kuinua mzigo wa zaidi ya kilo ngapi au kusimama saa ngapi mfululizo, na ni zipi unaweza. Swali la mwisho ndilo lenye uzito zaidi kwako. Ghala si kubeba maboksi tu. Kuna kupokea hati za mzigo, kuingiza bidhaa kwenye mfumo, kuhesabu shehena, kutoa hati za kutokea. Daktari akiandika "anaweza kazi ya kukaa kwa saa nne kwa siku kuanzia Machi", mwajiri analazimika kujibu jambo mahususi, na akikataa inabidi aseme kwa nini. Akiandika tu "aendelee kupumzika", mwajiri anabaki na nafasi ya kusema hajui mwisho wake. Undani wa ugonjwa si lazima ujazwe humo. Taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kinachotakiwa na mwajiri ni uwezo wako wa kufanya kazi. Mwajiri akitaka uonwe na daktari wake kwa maoni ya pili, nenda. Kukataa kutakuumiza wewe.

Kuna jambo hukulitaja, na linaweza kugeuza kila kitu nilichoandika. Maumivu yalianzaje? Kama diski ilitoka ukiwa unainua mzigo ghalani, au daktari anaona imetokana na kazi, basi njia yako ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao waajiri wote wanauchangia. Mfuko unagharamia matibabu na, wakati huwezi kufanya kazi kwa muda, unalipa asilimia 70 ya kipato chako kwa muda usiozidi miezi 24. Linganisha na nusu mshahara kwa siku 63 uone tofauti. Mwajiri ndiye anayepaswa kuripoti kwa Mfuko, na kwako wajibu ni kumpa taarifa. Asipofanya, nenda mwenyewe ofisi ya WCF na jina la aliyeshuhudia, tarehe, na karatasi ya kwanza kabisa ya hospitali. Hiyo ya kwanza ndiyo itakayopekuliwa: kama siku ile ulimwambia daktari "nimeamka nikiumwa", itakuwa vigumu kusema leo kwamba ni boksi la kazini. Madai haya yana ukomo wa muda, kwa hiyo kama yanakuhusu, nenda wiki hii. Usiyabuni kama si kweli.

Upande mwingine, ikiwa daktari atasema hutaweza tena kazi yako na kampuni kweli haina nyingine ya kukupa, mwajiri anaweza kukuachisha kihalali kwa kukosa uwezo kutokana na ugonjwa. Hapo unadai kilicho chako: mshahara wa siku ambazo hazijalipwa, notisi ya siku 28 au malipo yake, likizo ya mwaka ambayo hukuitumia, kiinua mgongo, cheti cha utumishi, na nauli yako, familia na mizigo hadi ulikoajiriwa kama uliajiriwa kutoka mahali pengine. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10. Kwa mgawanyo wa siku 26 za kazi kwa mwezi, siku yako moja ni kama shilingi 23,077. Leo una miaka miwili iliyokamilika, siku 14, yaani takriban 323,000. Baada ya 28 Februari unakuwa na mitatu, siku 21, takriban 484,600. Tarehe ile ile ya Machi inajitokeza tena. Kitu kimoja tu kinachoweza kukunyima kiinua mgongo katika kuachishwa kwa ugonjwa ni kukataa bila sababu ya msingi kazi mbadala uliyopewa. Wakikupa ya mezani yenye mshahara ule ule, ikatae tu kama daktari kasema huiwezi.

Kwa wenye ulemavu wa kudumu kuna pensheni ya ulemavu ya NSSF, lakini ni mlango mwembamba. Lazima uwe umepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wako wa kujipatia kipato, ithibitishwe na madaktari, na uwe na michango 180, au angalau 36 ambayo 12 kati yake ni ya kipindi cha mara tu kabla ya ulemavu. Diski inayopona haifiki huko. Nakutajia kwa sababu moja: wewe ulianza Machi 2023, kwa hiyo michango 36 utaifikisha mwezi Februari mwaka huu, iwapo hakuna mwezi ulioruka. Mwezi usio na mshahara hauna mchango. Toa taarifa yako ya michango sasa, uone kama miezi ya nusu mshahara ilipelekwa au la. Kampuni inayokata kwenye hati ya mshahara bila kupeleka huwa inagundulika hivi.

Ukipewa barua ya kuachishwa, hesabu siku tangu siku hiyo. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Unajaza Fomu Na. 1, unampa mwajiri nakala, unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea, kisha unaiwasilisha ofisi ya Tume ya eneo ulikofanyia kazi. Madai mengine, kama zile siku 10 za Desemba, yana siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Kwa Desemba muda huo unakimbia sasa hivi, ukihesabu kutoka siku mshahara pungufu ulipoingia, kwa hiyo barua ya kudai isisubiri. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu, na kulazwa hospitali ni sababu inayoeleweka ikiwa na karatasi, ila usiingie kwenye njia hiyo kwa hiari.

Haya yote nimeyajibu kwa ulichoandika. Kabla ya kujibu barua yoyote ya kampuni, peleka mkataba, hati za mshahara za Oktoba hadi Januari na ED zako zote kwa chama chako cha wafanyakazi, au kwa Afisa Kazi wa eneo lako, wazisome kwa macho yao. Baadhi ya mikataba, na hasa mikataba ya hali bora iliyosainiwa na chama, inatoa siku nyingi kuliko 126, na hiyo ikiwepo ndiyo itakayofuatwa. Na kama tayari ulishatia saini karatasi tarehe 22, hata ile uliyoambiwa ni ya mahudhurio ya kikao, nenda kesho asubuhi ukiwa na nakala yake, kwa maana siku 30 zinaweza kuwa zimekwisha kuanza.